BONDI YA SERIKALI SI AKAUNTI YA BENKI

Wengi wenu mlipoona kichwa hiki nadhani mmesema, "Haya ni mambo ya wazee wenye pesa, sisi hata nauli ni shida." Subirini kidogo. Makala haya yalianza na karo, na karo ni jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu asiyelijua.

Shangazi yangu alistaafu kazi ya uuguzi akabaki na shilingi 300,000 ambazo hakutaka ziliwe ovyo. Ana mtoto ambaye atahitaji karo ya chuo baada ya miaka miwili. Jirani mmoja akamwambia aziweke benki kwa akaunti ya muda maalumu. Mwingine akamwambia anunue bondi ya serikali, maana "serikali haianguki." Likizo ilipofika akaniita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe si unasoma Biashara? Hebu niambie, hivi vitu viwili si ni kitu kimoja tu? Napeleka pesa, wananirudishia na faida. Tofauti iko wapi?"

Swali lake ni zuri kuliko linavyosikika. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Biashara, nikasoma matangazo ya Benki Kuu, nikapiga hesabu mpaka karatasi zikaisha. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na benki. Ukipeleka pesa benki, unaikopesha benki. Ndiyo, wewe ndiwe unayeikopesha! Watu hudhani benki ni kama sanduku la kuhifadhia, lakini pesa zako hazikai pale zikikusubiri. Benki huzichukua ikazikopesha wengine kwa riba kubwa zaidi, nawe ikakupa kidogo. Pesa hizo ndizo huitwa amana. Katika akaunti ya muda maalumu mnakubaliana, tuseme, mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 9. Kwa shilingi 300,000 hiyo ni riba ya 27,000. Serikali hukata kodi ya asilimia 15 juu ya riba, yaani 4,050, na shangazi anabaki na 22,950. Mwaka ukiisha anapewa zile 300,000 zake kamili na riba. Akibanwa na shida katikati ya mwaka, aghalabu benki humrudishia pesa zake lakini humnyima riba yote au sehemu yake. Hapo ndipo penye jambo la kushikwa sana: mtaji wenyewe haupungui hata senti. Anachopoteza ni faida.

Sasa hatifungani, ambayo mtaani twaiita bondi. Hapa unaikopesha serikali yenyewe, moja kwa moja, bila benki kukaa katikati. Hazina ya Taifa ikihitaji pesa, Benki Kuu ya Kenya huiuzia hatifungani kwa mnada. Tangazo hutoka likisema bondi ni ya miaka mingapi, riba itakuwa kiasi gani au itaamuliwa na mnada, na mwisho wa kuleta maombi ni lini. Mwananchi wa kawaida huweza kuanza na shilingi 50,000. Zamani mtu alijaza fomu na kupanga foleni. Tangu 2023 kuna mtambo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD ambao mtu hujisajili kwa simu au kompyuta na kuomba akiwa nyumbani. Hupewi karatasi ya kuweka chini ya godoro. Jina lako na kiasi chako huandikwa tu katika mtambo huo.

Pale kwenye mnada kuna wale mabingwa, kama mabenki na mifuko ya pensheni, ambao hutaja wenyewe riba wanayoitaka. Mtu kama shangazi hana haja ya kushindana nao. Hujaza kwamba anakubali kiwango cha wastani kitakachopatikana mnadani, basi.

Ukishapata bondi, serikali hukulipa riba kila baada ya miezi 6 mpaka muda uishe, halafu hukurudishia pesa zote ulizoikopesha. Tuchukue bondi ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 12. Kwa 300,000, riba ya mwaka ni 36,000, yaani 18,000 kila miezi 6. Kwa bondi za miaka 10 na zaidi kodi ni asilimia 10 tu, kwa hivyo shangazi angetia kibindoni 16,200 mara mbili kwa mwaka. Jumla 32,400. Linganisheni na ile 22,950 ya benki.

Nilipomwonyesha hesabu hizi shangazi alipiga makofi. "Kwani tunangoja nini? Bondi!"

Nami nikamwambia, "Pole pole shangazi. Karo ni baada ya miaka miwili. Bondi ni ya miaka kumi. Hiyo miaka minane iliyobaki utamfanya nini mtoto?"

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo mto ulipo na kina, na hapa ndipo watu wengi huzama. Serikali imeahidi kukurudishia mtaji wako mwishoni mwa mwaka wa kumi. Haikuahidi kukurudishia siku utakayotaka wewe. Ukizihitaji kabla ya hapo, huendi serikalini kudai. Unapaswa kutafuta mtu mwingine wa kuinunua ile bondi yako, kupitia wakala au benki, katika Soko la Hisa la Nairobi. Na huyo mnunuzi hatakuuliza wewe uliinunua kwa pesa ngapi. Ataangalia bondi mpya zinazouzwa wakati huo zinatoa riba gani.

Hebu tuifanye hesabu polepole, kwa mfano mwepesi. (Nitajifanya riba hulipwa mara moja kwa mwaka ili tusichanganyikiwe, kwa miezi 6 jibu hubadilika kidogo tu.) Tuseme una bondi ya shilingi 100,000 yenye riba ya asilimia 12 na imebaki mwaka mmoja tu iive. Mwenye bondi hiyo, awe nani, atapokea shilingi 112,000 baada ya mwaka. Sasa tuseme riba nchini zimepanda, na bondi mpya zinatoa asilimia 16. Je, mnunuzi atakupa 100,000 kwa bondi yako? Kwa nini akupe? Kwa 100,000 hiyo hiyo anaweza kununua mpya na kupata 116,000. Ili bondi yako imfae sawa na mpya, ni lazima aipate kwa bei ambayo ikiongezwa asilimia 16 itafika 112,000. Gawanya 112,000 kwa 1.16. Jibu ni kama shilingi 96,552. Hiyo ndiyo bei yako. Umepoteza karibu 3,450, na serikali haijavunja ahadi yoyote!

Geuzeni mambo sasa. Tuseme riba zimeshuka, bondi mpya zinatoa asilimia 8. Gawanya 112,000 kwa 1.08 upate kama 103,704. Sasa wewe ndiwe unayeringa, maana bondi yako inalipa vizuri kuliko mpya na watu watakuongezea pesa ili waipate. Ni kama ubao wa bembea ule tuliochezea katika shule ya chekechea: riba ikipanda, bei ya bondi za zamani inashuka, riba ikishuka, bei inapanda.

Jambo jingine ambalo mwalimu alinisisitizia ni muda uliobaki. Mwaka mmoja ukibaki, mnunuzi atavumilia riba duni kwa mwaka mmoja tu, kwa hivyo anakupunguzia kidogo. Ikibaki miaka 8, ataivumilia mara nane, na anapunguza sana. Turudi kwa shangazi. Tuseme amenunua ile bondi ya miaka 10, miaka miwili imepita, karo imebisha hodi, na riba za sokoni zimefika 16. Nimeifanya hesabu hii mara tatu: kila shilingi 100 za bondi yake zitauzwa kwa kama 82.60. Zile 300,000 zitakuwa takriban 247,900. Amepoteza shilingi elfu 52 hivi za mtaji. Kweli, katika miaka hiyo miwili amepokea riba ya 64,800 baada ya kodi, kwa hivyo hajatoka mikono mitupu. Amebaki na faida ya kama 12,700. Lakini benki, kwa riba yake ileile ya 9 iliyoonekana duni, ingempa 45,900, na 300,000 zake zingekuwa kamili mezani.

Ili nisionekane ninaionea bondi, nikapiga pia upande wa pili. Kama riba zingekuwa zimeshuka hadi 8, bondi yake ingeuzwa kwa karibu 369,000. Angelipa karo na kubaki akicheka. Tatizo ni kwamba leo hakuna anayejua ubao utainama upande gani, na karo haingojei.

Tena kuna njia ya tatu ya kutoka ambayo imeandikwa katika matangazo ya bondi kwa maandishi madogo. Ukishindwa kabisa kupata mnunuzi sokoni, na Soko la Hisa likathibitisha hivyo, Benki Kuu yenyewe huweza kuinunua. Lakini hupiga bei kwa kuongeza asilimia 3 juu ya riba ya sokoni au riba ya bondi yenyewe, ile iliyo kubwa. Sasa mmeshajua maana yake: riba ya hesabu ikipandishwa, bei inashushwa. Kwa hiyo mlango huo upo, lakini ni wa dharura, na anayepita huacha ngozi.

Je, mambo haya ya ubao hutokea kweli hapa kwetu, au ni hesabu za ubaoni tu? Hutokea. Mwezi wa Februari 2024 serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni mwaka huo, na riba nchini zilikuwa juu sana. Ikauza bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, jina lake IFB1/2024/8.5, kwa riba ya asilimia 18.4607, nayo haikukatwa kodi. Iliomba shilingi bilioni 70. Watu wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 280! Mwezi huohuo Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Kuanzia Agosti 2024 ikaanza kuipunguza, na kufikia katikati ya 2025 ilikuwa chini ya 10. Waliokuwa na ile bondi ya 18 wakajikuta wameshika kitu ambacho hakiuzwi tena dukani, na bei yake sokoni ikawa juu zaidi ya ile waliyonunulia. Lakini aliyekuwa na bondi ya zamani ya asilimia 11 au 12, akalazimika kuiuza ule mwezi wa Februari 2024, alilia kwa sauti ya chini.

Shangazi hakuridhika na hayo. Akaniuliza, "Na wewe kila siku wasema benki mtaji haupungui. Benki haifungwi?"

Hufungwa. Oktoba 2015 Benki Kuu iliifunga benki ya Imperial na kuiweka chini ya Shirika la Bima ya Amana, na Aprili 2016 ikawa zamu ya benki ya Chase. Wenye akaunti waliamka asubuhi wakakuta milango imefungwa. Shirika hilo la bima ndilo humlinda mwenye amana, lakini lina kikomo chake. Wakati ule kikomo kilikuwa shilingi 100,000 kwa kila mtu katika benki moja. Tangu 2020 ni 500,000. Kwa hiyo 300,000 za shangazi zimo ndani ya kinga yote. Angekuwa na milioni mbili katika benki moja, 500,000 zingekuwa na bima na zilizobaki zingengoja mali ya benki ikusanywe, jambo ambalo huchukua miaka.

Bondi haina bima hiyo. Kinga yake ni neno la serikali pamoja na uwezo wake wa kutoza kodi. Serikali ikikopa kwa sarafu yake yenyewe ni nadra kushindwa, ndiyo maana watu husema haianguki. Lakini nadra si kamwe. Desemba 2022 serikali ya Ghana, ikiwa imelemewa na madeni, iliwataka wananchi wake wenye bondi wazibadilishe kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Hawakufutiwa kila kitu, ila waliokuwa wamepanga kulipia nyumba au karo mwaka uleule walivurugikiwa na mipango.

Kichekesho ni kwamba sehemu kubwa ya bondi za serikali yetu hununuliwa na mabenki, na hununuliwa kwa pesa gani? Zako! Kwa hiyo hata anayekimbilia benki pesa zake huenda zikaishia kwa serikali, ila benki imekaa njiani ikachukua chake. Chake hicho si cha bure, tusiionee. Benki imejitwika ule ubao wa bembea: bondi ikishuka bei, mwenye amana bado anaidai 300,000 kamili nayo ni lazima itoe. Huko Marekani benki moja kubwa, ya Silikoni Vali, ilishindwa na mzigo huo. Ilikuwa imejaza bondi za muda mrefu wakati riba ziko chini. Riba zikapanda, bei zikaanguka, na Machi 2023 ilipolazimika kuuza ikapata hasara ya dola bilioni 1.8. Wateja wakasikia, wakakimbilia pesa zao, na kwa muda wa siku mbili benki ikawa imefungwa. Bondi zenyewe nyingi zilikuwa za serikali au zenye dhamana yake, salama kabisa kwa mtu ambaye angeweza kungoja. Benki haikuweza kungoja, kwa sababu mwenye amana hangoji.

Basi swali la shangazi nikaligeuza. Badala ya kuuliza ni kipi chenye faida kubwa, nikamuuliza kila shilingi itahitajika lini. Tukachukua karatasi. Shilingi 150,000 ni za karo, na tarehe yake inajulikana. Hizo zikaenda benki, akaunti ya mwaka mmoja, na ukiisha zitawekwa tena mwaka mwingine. Nilimweleza kwamba riba ya mwaka wa pili huenda ikawa tofauti, maana benki haijafunga mkataba nayo, lakini mtaji utakuwepo. Angeweza pia kutafuta bondi inayoiva kabla ya karo, au zile hati za muda mfupi za Hazina za siku 364, nazo ni mkopo kwa serikali vilevile. Yeye alisema anataka kitu ambacho anaweza kwenda kukiulizia dirishani akiwa na miwani yake.

Zile 150,000 nyingine hazina tarehe. Ni za uzee wake. Hizo akaombea bondi ya miaka 10, na kwa kuwa hana nia ya kuiuza, bei ya sokoni ikipanda na kushuka kwake ni kama mvua inayonyesha nchi nyingine. Kinachomhusu ni ile riba kila miezi 6, ambayo kwa 150,000 ni 8,100 baada ya kodi kama ni asilimia 12. "Hiyo ni ya sukari na dawa za presha," alisema. Kisha akauliza kama lazima akubali simu ndiyo iwe na siri zake zote. Tulimsajili hata hivyo, na namba yake ya siri ameiandika mahali ambapo hata mimi sipajui.

Sasa zoezi kwa wanachama. Mtu ana bondi ya shilingi 50,000 yenye riba ya asilimia 10, na imebaki mwaka mmoja iive. Bondi mpya za mwaka mmoja zinatoa asilimia 14. Chukulieni riba inalipwa mara moja, mwisho wa mwaka.

(a) Atapata bei gani akiuza leo?

(b) Akikataa kuiuza na kungoja iive, atapokea shilingi ngapi?

(c) Jirani yake ana 50,000 benki kwa asilimia 10 ileile, na amezitoa leo kabla ya muda. Yupi kati yao amepoteza mtaji, na yupi amepoteza riba?

Majibu yaletwe kwa katibu kabla ya kikao cha Ijumaa ya pili ya muhula. Anayetaka kutumia kikokotoo na atumie, lakini aonyeshe njia.